Kisu Kiko Wapi? Maoni Kuhusu Kuandika Maagizo ya Michoro ya Mashine

Mwanzoni mwa muhula huu baadhi yetu chamani tuliazimia kuandaa mabango ya istilahi za vifaa vya nyumbani, na kifaa cha kwanza tulichokichagua ni mashine ya mkono ya kusagia nyama. Kwa kuwa hapakuwa na mchoraji miongoni mwetu, tulitumia programu ya akili mnemba inayogeuza maneno kuwa picha. Picha ilikuja upesi, nayo ilipendeza: chuma kiking'aa, vipande vimeachana kwa madaha, na mistari myembamba ikitoka kwenye kila kipande kana kwamba inakwenda kwenye jina lake. Niliichapisha, nikampelekea shangazi yangu, ambaye huuza sambusa za kima na huifungua na kuiunga mashine yake kila siku ya kazi. Akaitazama kitambo, kisha akacheka.

"Mwanangu," akaniambia, "kisu mmekitia nje ya kisahani. Nyama ikishatoka kwenye matundu, huko nje inakatwa ya nini tena?"

Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Wenzangu waliposikia habari hiyo, wengi waliilaumu programu. Mimi nashikilia kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu. Tuliandika agizo la mashine ambayo hatukuwa tumeifungua, na tukaliandika kwa vivumishi badala ya maelezo. Haja yangu ni kuonyesha jinsi agizo la aina hiyo linavyopaswa kuandikwa, na kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili hana udhuru wa kuliandika vibaya.

Kwanza tuelewane kuhusu michoro yenyewe. Ziko namna mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza nitaiita mchoro wa mkato: mashine imebaki nzima, lakini sehemu ya ukuta wake imeondolewa, kama papai lililokatwa kipande ili mbegu zionekane. Mchoro huu hujibu swali, "Ndani mnatendeka nini?" Ya pili nitaiita mchoro wa mtawanyo: vipande vyote vimetolewa na kupangwa kwenye mstari mmoja, kila kimoja mkabala na mahali kinapoingia. Huu hujibu swali, "Mashine hii huungwaje?" Kwa bango la istilahi, ambalo kila kipande chake kinahitaji kuonekana peke yake ili kipewe jina, mchoro wa mtawanyo ndio unaofaa. Anayeomba yote mawili katika agizo moja aghalabu hupata mashine iliyopasuliwa ubavu huku nusu ya vipande vyake ikielea hewani, wala hajibiwi swali lolote kati ya hayo mawili.

Sasa tulitazame agizo letu la kwanza. Liliandikwa hivi: "Chora mchoro wa kiufundi wa kuvutia sana wa mashine ya kusagia nyama, vipande vyote vikiwa vimetawanywa, wenye ubora wa hali ya juu, wa kina na wa kitaalamu, ukiwa na majina ya vipande kwa Kiswahili." Msomaji na ahesabu. Vivumishi vinne au vitano vinausifu mchoro ambao haujachorwa, ilhali kuhusu mashine yenyewe hakuna neno hata moja linaloeleza ina vipande vingapi, kipi kinatangulia kipi, wala upande upi wa kisu unatazama wapi. Programu za namna hii hujifunza kutokana na picha nyingi zilizoambatanishwa na maneno. Huzalisha kinachofanana na picha hizo. Hazijui kwamba nyama lazima ikatwe kabla ya kutoka. Pale agizo linaponyamaza, programu hujaza pengo kwa kitu kinachoonekana kufaa, na kinachoonekana kufaa si lazima kifanye kazi.

Baada ya kuchekwa nilimwomba shangazi anifungulie mashine yake mezani. Alianza mbele. Aliifungua pete kubwa inayozunguka mdomo wa mashine, akatoa kisahani chenye matundu, akatoa kisu chenye mbawa nne, kisha akauvuta nje mhimili mnene uliozungukwa na utepe wa chuma. Nyuma alikuwa ameshautoa mkono wa kuzungushia. Kilichobaki kilikuwa kiwiliwili chenye bakuli juu na mguu unaobana meza. Vipande sita, ukiacha parafujo ndogo inayoukaza mkono. Nikavipanga kwenye gazeti kwa mfuatano ule ule, nikaanza kuandika.

Hapo ndipo nilipoyaona mambo matatu ambayo agizo halina budi kuyasema, nayo si mfuatano tu. La kwanza ni jinsi kipande kinavyoshikana na jirani yake. Ncha ya mbele ya mhimili ni kijiti cha mraba, na kisu kina tundu la mraba katikati. Ndiyo sababu mhimili ukizunguka kisu nacho huzunguka. Kisahani, kwa upande wake, kina tundu la duara katikati, na ukingoni kina pengo dogo linaloshikwa na kijino kilicho mdomoni mwa kiwiliwili, hivyo hakizunguki. Kisu huzunguka, kisahani hutulia, na kukata hutokea pale viwili hivyo vinapogusana, mithili ya makali mawili ya mkasi. Mraba na duara ndio unaoamua kipi kitakwenda na kipi kitakaa, kwa hiyo havifai kuachiwa bahati.

La pili ni mwelekeo. Kisu hicho kina upande mmoja bapa wenye makali na upande mwingine ulioinuka. Upande bapa sharti ukiguse kisahani. Ukigeuzwa, nyama hupondwa badala ya kukatwa, na mishipa yake hujisokota kwenye mbawa mpaka mkono unakuwa mzito kuzungushwa. Shangazi aliniambia kwamba wasichana wanaomsaidia hukosea hapo kuliko mahali pengine popote. Basi mchoro usioonyesha mwelekeo wa kisu umekosa jambo ambalo mtumiaji alilihitaji zaidi. Na ili mwelekeo uonekane, sharti agizo liseme pia tunaitazama mashine kutoka wapi. Tukiitazama kutoka nyuma, upande bapa utafichika hata kama umechorwa sawasawa.

La tatu ni umbo, tena umbo badala ya jina. Mhimili ule wenye utepe mafundi huuita parafujo, na jina hilo ni la haki, kwa kuwa unafanya kazi ya parafujo: ukizunguka, unaisukuma nyama mbele. Lakini nilipoandika "parafujo" kwenye agizo, nililetewa parafujo ndogo ya seremala, yenye kichwa na mfuo wa bisibisi, ikielea katikati ya mashine kama mgeni aliyepotea njia. Programu ililichukua neno kwa maana yake iliyozoeleka zaidi. Nilipoandika "mhimili mnene uliozungukwa na utepe mpana wa chuma, kama ngazi ya mzunguko", umbo lilikuja. Kwenye bango tunahitaji jina, maana istilahi ndiyo kusudi letu. Kwenye agizo tunahitaji umbo, maana jina moja lina maana nyingi na mchoraji wetu hana mashine mezani pake.

Baada ya marekebisho kadhaa, agizo lilitulia hivi:

"Mchoro wa kiufundi wa mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe. Mashine ya mkono ya kusagia nyama, vipande vyake sita vikiwa vimetenganishwa na kupangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka kushoto hadi kulia, kwa nafasi sawa. Mstari mwembamba wa vitone unapita katikati ya vipande vyote. Vyote vinatazamwa kutoka pembe moja, mbele kulia, kwa mshazari.

Cha kwanza kushoto ni mkono wa kuzungushia, uliopinda mara mbili, wenye kishikio cha mti. Cha pili ni kiwiliwili cha chuma, mfano wa kopo lililolala, chenye bakuli lililo wazi juu na mguu wa kubania meza chini. Mdomo wake mpana unaelekea kulia. Cha tatu ni mhimili mnene uliozungukwa na utepe mpana wa chuma, kama ngazi ya mzunguko; ncha yake ya kulia ni kijiti cha mraba. Cha nne ni kisu chenye mbawa nne, kama msalaba, chenye tundu la mraba katikati; upande wake bapa unaelekea kulia. Cha tano ni kisahani bapa cha duara, chenye matundu mengi madogo yaliyo sawa, tundu moja la duara katikati na pengo dogo moja ukingoni. Cha sita, cha mwisho kulia, ni pete pana iliyo wazi katikati, yenye mifuo ya kufungia upande wa ndani.

Kutoka kwenye kila kipande unapanda mstari mwembamba mmoja unaoishia kwenye kiduara kitupu. Viduara ni sita, vyote kwenye usawa mmoja."

Msomaji ataona kwamba agizo hili halina neno "kuvutia" wala "ubora". Ataona pia kwamba halitaji majina yaandikwe. Hapo ndipo mwenzangu mmoja aliponipinga vikali. Alisema: kama bango ni la istilahi za Kiswahili, mbona tunaziondoa istilahi zenyewe mchoroni?

Jibu langu ni kwamba hatuziondoi. Tunaziweka mikononi mwetu. Programu hizi huchora herufi kama zinavyochora majani ya mti, yaani kwa mfano wa sura. Katika lugha zenye maandishi mengi mtandaoni siku hizi baadhi yake huandika maneno mafupi sawasawa, lakini kwenye picha zetu za Kiswahili tulipata "kisahni", "parafjuo" na neno jingine ambalo hakuna kamusi itakayolikiri. Kibaya zaidi, hata neno lililoandikwa sawasawa laweza kuunganishwa na kipande kisicho chake, na mwanafunzi mgeni hataling'amua kosa hilo, kwa kuwa tahajia haina dosari. Kiduara kitupu hakidanganyi mtu. Tunaupokea mchoro, tunaukagua, kisha tunaandika majina wenyewe kwa programu ya kawaida ya tarakilishi, kwa hati tunayoitaka na kwa istilahi tuliyokubaliana. Nimejifunza vilevile kuomba kinachotakiwa badala ya kukataza kisichotakiwa. Tulipoandika "usiweke maneno", mara nyingine maneno yalikuja kwa wingi zaidi, kana kwamba kulitaja jambo ni kuliita.

Utaratibu huu wa kutenga alama na jina si mgeni. Mwaka wa 1556 kilichapishwa mjini Basel kitabu cha Georgius Agricola kuhusu uchimbaji wa madini, De re metallica, kilichoandikwa kwa Kilatini. Michoro yake ya pampu, magurudumu na vinu ilitiwa herufi A, B, C kwenye vipande, na jina la kila herufi likaandikwa kando. Mwaka uliofuata, 1557, ilipotoka tafsiri ya Kijerumani, michoro ile ile ilitumika tena. Yaliyobadilika ni maneno ya pembeni. Mchoro mmoja uliwafaa wasomaji wa lugha mbili kwa sababu haukufungwa na lugha yoyote. Sisi nasi, tukiwa na mchoro wenye viduara vitupu, tunaweza kuandika "kisahani" leo, na kesho wanaistilahi wakikubaliana kuhusu neno jingine, tukalibadilisha pasipo kuchora upya.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia: kwamba maagizo haya yafaa yaandikwe kwa Kiingereza tangu mwanzo, kwa kuwa programu nyingi hukielewa Kiingereza zaidi. Sikatai kwamba mara nyingi hukielewa zaidi. Nilipolitafsiri agizo hili, picha zenye makosa zilipungua. Hata hivyo, nasisitiza kwamba lianze kuandikwa kwa Kiswahili, na sababu yangu ni ya kisarufi. Tukisema "pete inayobana kisahani chenye matundu", upatanisho wa ngeli unatuambia papo hapo kwamba matundu ni ya kisahani, si ya pete. Lau yangekuwa ya pete tungesema "yenye". Hali kadhalika, "mdomoni mwa kiwiliwili" na "mdomoni pa kiwiliwili" si mahali pamoja. Mhimili na kijino vimo mdomoni mwa kiwiliwili, ndani. Pete hukazwa mdomoni pake, nje. Mwandishi anayelazimika kuchagua kati ya "mwa" na "pa" analazimika kwanza kujua kipande kiko wapi. Lugha inamhoji kabla programu haijaguswa.

Pamoja na hayo, tusijidanganye kwamba sarufi itatukinga na kila utata. Kisu na kisahani ni vya ngeli moja. Tukiandika "kisu kilicho mbele ya kisahani chenye tundu la mraba", hakuna ajuaye mwenye tundu ni yupi. Isitoshe, neno "mbele" lenyewe halina uhakika: mbele ya mashine, au mbele ya mtazamaji? Ndiyo maana katika agizo nimekipa kila kipande sentensi yake, na badala ya mbele na nyuma nimetumia kushoto na kulia kwa karatasi. Wakati wa kutafsiri, tofauti ya "mwa" na "pa" ikipotea, mfasiri aifidie kwa maneno kamili ya ndani na nje.

Hata agizo zuri halimalizi kazi. Mchoro ukija, mimi huukagua kwa hatua nne, nazo huchukua dakika chache tu. Nahesabu vipande, kisha nahesabu mbawa za kisu, maana kisu huja mara kikiwa na mbawa tatu, mara tano. Nafuatilia kila mstari wa jina kutoka kwenye kiduara hadi mwisho wake, nione kama unakigusa kipande au unaishia hewani. Natazama kama mraba umekutana na mraba. Hatimaye naiunga mashine akilini: nasukuma kila kipande kuelekea kwenye kiwiliwili juu ya mstari wa vitone, na kujiuliza kama kitaingia. Kisahani kilicho kipana kuliko mdomo wa kiwiliwili hakiingii. Pete iliyo nyembamba kuliko mdomo haifungi. Hatua hii ya mwisho hufichua makosa ambayo jicho lililovutiwa na uzuri huyapita.

Kati ya michoro tuliyoletewa kwa agizo la mwisho, hakuna hata mmoja uliofaulu hatua zote nne. Ule tulioukubali ulikuwa na pengo mbili ukingoni mwa kisahani, nasi tukalifuta moja kwa mkono. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaoamini kwamba agizo likirefushwa vya kutosha kosa litatoweka. Halitoweki. Nilipoongeza kipande cha saba, ile parafujo ndogo ya kukazia mkono, kisu kilirudufiwa na pete ikapotea. Kwa uzoefu wetu, vipande sita au saba ndio mpaka. Mashine yenye vipande zaidi ya hivyo, kama cherehani, afadhali igawanywe katika michoro miwili au mitatu, la sivyo apewe mchoraji binadamu aliyeiona ikifunguliwa.

Mwenzangu aliyetaka mchoro wa mkato ili aonyeshe njia ya nyama naye simwachi mikono mitupu. Ataje ukuta upi unaondolewa: robo ya mbele ya kiwiliwili na ya bakuli. Ataje kinachobaki kizima: mhimili na utepe wake, kwa kuwa kwa desturi ya wachoraji wa ufundi mihimili haipasuliwi kwa urefu, ikipasuliwa, umbo la utepe hupotea. Aseme pia kwamba nyuso zilizokatwa zitiwe mistari ya mshazari, ili mtazamaji atofautishe chuma kilichokatwa na uwazi ulio ndani. Asiposema hayo matatu, programu itatoboa dirisha popote, na ndani yake itaweka gurudumu la meno ambalo mashine hii haikuwahi kuwa nalo.

Pendekezo langu kwa chama ni dogo, lakini nalitaka liandikwe katika kumbukumbu. Mchoro wowote wa mashine usitundikwe wala kuchapishwa kwa jina letu mpaka mmoja wetu awe ameifungua mashine hiyo kwa mikono yake, na agizo lililouzaa mchoro liwekwe pamoja nao ili mwingine aweze kulisahihisha. Bango la kwanza tulikuwa tumelitundika kwa siku tisa kabla sijalipeleka kwa shangazi. Katika siku hizo tisa wanafunzi walisimama mbele yake na kunakili, na wengine wao watakuwa walimu. Tulilishusha, walichokinakili hatuwezi kukishusha.

Juma lililopita nilirudi kwa shangazi na mchoro mpya. Aliutazama bila kucheka, akakiwekea kidole kisu, kisha akautoa upande bapa wa kisu chake na kuulinganisha na wa karatasi. "Hii," akasema, "hata yule msichana mgeni nitamwonyesha." Mchoro sasa umebandikwa ukutani jikoni mwake, umepata madoa ya mafuta, na chini ya kiduara cha nne ameandika kwa kalamu yake mwenyewe: kisu, bapa nje.